Mia mbili na hamsini iliyozaa mia nane: hesabu ya ekses kwa dereva kijana Uingereza

Binti wa miaka 19 anaishi Leicester na wazazi wake. Ana gari dogo la mkono wa pili lenye thamani ya pauni 3,200, na bima kubwa ameikata kwa jina lake mwenyewe. Jumamosi moja anarudi nyuma kwenye maegesho ya supamaketi na kuivaa nguzo ya zege. Bampa limepasuka, taa ya nyuma imekwisha, na ubavu umebonyea. Gereji inakadiria matengenezo kuwa pauni 1,140. Binti anakumbuka vizuri kwamba siku ya kununua bima alichagua ekses ya pauni 250, kwa hiyo anaipigia kampuni simu bila wasiwasi. Anajibiwa kwamba sehemu yake ni pauni 800.

Binti huyu nimembuni, na bei zote za humu nimezipanga ziwe rahisi kufuatika. Lakini simu ya namna hiyo hupigwa kila siku, na anayeipokea kwa kawaida hakosei. Pauni 250 ni kweli alizichagua. Zile 550 nyingine hakuzichagua, ila alizikubali, kwa sababu zilikuwemo kwenye mkataba.

Ekses ni sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mwenye bima anaibeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa chochote. Kwenye mkataba wa kijana Uingereza, sehemu hiyo ina matabaka matatu. La chini ni ekses ya lazima ya msingi, ambayo kampuni inampangia kila dereva kwa kuangalia gari, mtaa na hatari nyinginezo. Hapa ni pauni 250. Juu yake inakaa ekses ya dereva kijana au asiye na uzoefu, nayo pia ni ya lazima, na kwa umri wa huyu binti ni pauni 300. Tabaka la juu ni ekses ya hiari, ile aliyoichagua mwenyewe ili bei ya bima ishuke, pauni 250. Zote tatu hujumlishwa. Ya hiari haichukui nafasi ya ile ya lazima hata senti moja, wala ile ya ujana haimezwi na ile ya msingi.

Waliowahi kukata bima kubwa Nairobi au Mombasa hawatashangaa sana, maana huko nako dereva mchanga au mwenye leseni mpya huongezewa ekses yake juu ya ile ya kawaida. Kinachowachanganya wengi wakifika Uingereza ni lile tabaka la tatu, la hiari, kwa sababu ndilo pekee linalotokea kwenye fomu likiwa na kisanduku cha kujazwa. Ukijaza mwenyewe, unaamini ndiyo ekses yako yote.

Hatua ya kwanza: tafuta namba zote tatu kabla hujalipa

Ukiomba bei kwenye tovuti za kulinganisha bima, utaulizwa swali moja tu kuhusu jambo hili: "Voluntary excess", pamoja na orodha ya kuchagua, 0, 100, 250, 500 na kuendelea. Majibu yakija, kila kampuni itaonyesha ekses ya lazima na ya hiari, na pengine jumla yake. Hapo ndipo pa kuwa makini. Kampuni moja itakuwa imeshaingiza ekses ya ujana ndani ya ile namba ya lazima. Nyingine itaonyesha ya msingi peke yake, halafu ya ujana imekaa kwenye jedwali ndani ya kijitabu cha mkataba, ukurasa ambao hakuna aufunguaye. Ukilinganisha kampuni hizo mbili kwa macho, ya pili itaonekana nafuu kwa pauni 300 ambazo kumbe zipo palepale.

Kwa hiyo, kampuni ikikuvutia, usibonyeze kununua kwanza. Fungua nyaraka zake, yaani ule muhtasari wa kurasa chache unaoitwa "Insurance Product Information Document", na kijitabu kirefu cha mkataba, "Policy booklet". Bonyeza Ctrl+F, andika `inexperienced`. Ukikosa, andika `young driver`, kisha `excess`. Karibu kila mara utakuta jedwali fupi lenye safu za umri: miaka 17 hadi 20 kiasi fulani, 21 hadi 24 kiasi kidogo zaidi, na chini yake mstari wa watu wa miaka 25 na kuendelea ambao hawana uzoefu. Juu au chini ya jedwali hilo tafuta sentensi inayosema kwamba kiasi hiki ni "in addition to" ekses nyingine. Maneno hayo matatu ndiyo yaliyomgharimu binti wa Leicester pauni 300.

Kama umeshanunua, karatasi ya kushika ni "Policy schedule", jedwali la mkataba lenye jina lako na namba ya gari. Baadhi ya kampuni huandika humo jumla ya kila dereva, mstari kwa mstari, na hao ni waungwana. Kampuni isiyofanya hivyo iandikie barua pepe, na uliza kwa swali moja: nikigonga leo nikiwa mimi ndiye dereva, nitalipa jumla ya pauni ngapi? Jibu la maandishi lihifadhi. Una siku 14 tangu upokee nyaraka za kuweza kubadili mawazo na kuvunja mkataba. Watakukata gharama ya siku ulizotumia na pengine ada ya usumbufu, lakini ni hasara ndogo kuliko kuugundua ukweli ukiwa gereji.

Hatua ya pili: uliza nani ameshika usukani

Ekses ya msingi na ya hiari ni za mkataba. Humfuata yeyote anayeendesha. Ile ya kati humfuata mtu. Gari ni lilelile na mkataba ni uleule, lakini jumla hubadilika kulingana na aliyekuwa akiendesha wakati wa ajali.

Turudi kwenye ile nyumba ya Leicester. Binti ndiye dereva mkuu, na ndani ya mkataba wake ameandikisha madereva wengine watatu. Baba ana miaka 51 na leseni ya Uingereza ya miaka mingi. Akigonga yeye, hakuna tabaka la kati, jumla ni 250 na 250, pauni 500. Kaka ana miaka 23, yumo kwenye safu ya pauni 200, kwa hiyo yeye ni pauni 700. Binti mwenyewe ni 800.

Wa nne ni mama, naye ndiye ninayetaka tumtazame vizuri. Ana miaka 46. Ameendesha Dar es Salaam zaidi ya miaka 15, foleni ya Ubungo, bodaboda kushoto na kulia, na hajawahi kugusa gari la mtu. Lakini leseni ya Tanzania, kama ya Kenya, haimo kwenye orodha ya nchi ambazo leseni yake hubadilishwa moja kwa moja kuwa ya Uingereza. Mtu akihamia anaruhusiwa kuiendeshea kwa miezi 12, baada ya hapo lazima apitie njia ya mwanafunzi: leseni ya muda, mtihani wa nadharia, mtihani wa barabarani. Mama alifaulu miezi 5 iliyopita. Mikataba mingi humhesabu kuwa hana uzoefu mtu yeyote mwenye leseni ya muda, au ambaye leseni yake kamili haijatimiza miezi 12, hata awe na miaka 60. Vijitabu vingine vinataja wazi kwamba leseni hiyo kamili iwe ya Uingereza au ya Ulaya. Kwa hiyo mama naye ana ekses yake ya kati, hapa pauni 150, na jumla yake ni 650. Watu wazima wengi wa kutoka kwetu hudhani jedwali la "young or inexperienced" haliwahusu kwa sababu wamesoma neno la kwanza tu.

Jambo jingine linalokera hapa ni gari lililoegeshwa. Unaacha gari barabarani usiku, asubuhi unakuta mtu amelivunja ubavu na kutoroka. Hakuna aliyekuwa akiendesha, basi ekses ya nani itatumika? Soma sentensi yenyewe kwenye kijitabu. Nyingi husema dereva anayeendesha au "in charge of" gari, yaani aliye na dhamana nalo wakati huo. Ikiwa binti ndiye aliyeliegesha na funguo anazo yeye, kampuni itamhesabu yeye. Baba asijitolee kusema ndiye aliyeliegesha kama si kweli. Huo ni uongo kwenye madai, na unaweza kuyaangusha madai yote.

Pia angalia ekses ya ujana inagusa aina gani ya hasara. Mara nyingi ni ajali tu. Kwa wizi na moto mikataba mingi haiihesabu, na kioo cha mbele kina ekses yake ndogo inayosimama peke yake. Kwa hiyo binti yuleyule akiibiwa gari anaweza kukatwa 500 badala ya 800. Lakini ni mikataba mingi, si yote, isome yako.

Hatua ya tatu: chagua ekses ya hiari mwisho, na ipigie hesabu

Ushauri unaozunguka ni kwamba ukipandisha ekses ya hiari, bei ya bima inashuka. Ni kweli, ila kwa kijana hushuka kidogo kuliko watu wanavyotarajia, na sababu inafaa kueleweka.

Ekses inahusu hasara ya gari lako mwenyewe. Ukimgonga mtu mwingine, kampuni inamlipa yeye kikamilifu, na kwa kawaida ekses yako haiguswi katika malipo hayo. Yule mwenye supamaketi akidai pauni 600 za nguzo yake, au binti akimvunja mtu mguu na madai yakafika makumi ya maelfu, ekses ya 0 au ya 1,000 haiipunguzii kampuni mzigo huo. Sasa, bima ya kijana ni ghali hasa kwa sababu ya madai ya namna hiyo, ya watu wengine walioumia. Gari lake la pauni 3,200 ni sehemu ndogo ya hofu ya kampuni. Ukipandisha ekses, unaikopesha kampuni unafuu kwenye ile sehemu ndogo, si kwenye kubwa. Isitoshe, ekses ya lazima ya 550 imeshayafuta madai madogo yote, kwa hiyo unachoongeza hapo juu kinafuta kilichobaki, ambacho ni kidogo zaidi.

Usiniamini mimi, iamini tovuti. Omba bei ileile mara nne, taarifa zote zikiwa zilezile, ukibadilisha ekses ya hiari peke yake. Tuseme binti amepata hivi:

Hiari 0: bei pauni 1,790, jumla ya ekses 550.
Hiari 250: bei 1,702, jumla 800.
Hiari 500: bei 1,655, jumla 1,050.
Hiari 750: bei 1,640, jumla 1,300.

Pima kila ngazi peke yake. Kutoka 0 kwenda 250 anaokoa pauni 88 kwa mwaka, na anabeba hatari ya pauni 250 zaidi. Gawanya 250 kwa 88, unapata kama 2.8. Maana yake, akikaa karibu miaka mitatu bila kudai, amefaidika. Akidai kabla ya hapo, amepoteza. Kutoka 250 kwenda 500 anaokoa 47, na 250 ukigawa kwa 47 ni zaidi ya miaka mitano. Kutoka 500 kwenda 750 anaokoa pauni 15 tu, yaani angehitaji zaidi ya miaka 16 bila ajali. Hakuna mtu wa miaka 19 anayepaswa kuuza pauni 250 kwa 15.

Kwenye bei hizi mimi ningesimama kwenye 0 au 250, na baina ya hizo mbili ningeuliza swali la mfukoni tu: ikitokea Jumatatu, pauni 800 zipo? Si mshahara ujao, wala si mchango wa familia. Zipo kwenye akaunti? Kama zilizopo ni 600, basi jibu ni hiari 0, hata ukilipa 88 zaidi. Gereji iliyokutengenezea kawaida hukudai ekses siku ya kuchukua gari, na usipolipa, gari halitoki.

Bei zako hazitafanana na hizi. Kuna kampuni ambazo 0 na 100 ni bei moja, na mara chache utaona bei ikipanda ukiongeza ekses, jambo ambalo halina mantiki mbele ya mnunuzi, ila mashine zao za bei zina mantiki yake. Ndiyo maana ya kuomba mara nne.

Hatua ya nne: kabla ya kudai, toa ekses kwenye hasara

Hasara ya binti ni 1,140. Toa 800, kampuni itamlipa 340. Kwa 340 hizo atapoteza mwaka wa punguzo la kutodai, ambalo kwa dereva wa mwaka wa kwanza ni kitu muhimu cha kushusha bei mwaka unaofuata. Tena atayatangaza madai hayo kila akiomba bei, na kampuni nyingi huuliza ajali za miaka 5 iliyopita. Bei ya mwaka ujao ikipanda kwa zaidi ya 340 kwa sababu hiyo, madai yamemtia hasara. Kwa kawaida ningemshauri atafute gereji ya mtaani, bampa la mtumba na taa ya mtumba, alipe mwenyewe.

Lakini aitoe taarifa. Mikataba inataka kampuni ijulishwe ajali hata kama hudai chochote, na hapa kuna nguzo ya mtu iliyoguswa. Mwenye nguzo anaweza kuibuka baada ya mwezi. Akipiga simu atumie maneno yaliyo wazi: ninatoa taarifa tu, sidai uharibifu wa gari langu. Aombe iwekwe hivyo kwenye kumbukumbu, na aombe barua pepe.

Angekuwa amechagua hiari 750, jumla yake ni 1,300 na hasara ni 1,140, kwa hiyo hakuna hesabu ya kupiga. Angekuwa analipia bima kubwa ambayo kwa ajali za aina yake, zile za kugusa nguzo na kubonyeza milango, haifanyi kazi kabisa.

Kuna mtego mmoja wa gereji. Mkadiriaji akija kulitazama gari, anaweza kusema bampa la nyuma ni ajali ya juzi, lakini mkwaruzo wa mlango wa mbele ni wa zamani na wa tukio jingine. Ekses hulipwa kwa kila tukio. Ukisema litengenezwe lote, utakatwa 800 mara mbili. Piga picha za pande zote nne za gari siku unaponunua bima, zenye tarehe, ili usibishanie kutu.

Gari likihesabiwa limekufa

Hapa ndipo vijana wengi huumia, na ekses ni nusu tu ya maumivu. Tuseme badala ya nguzo, binti ameteleza kwenye barafu na kuingia mtini. Kutengeneza kunazidi thamani ya gari, kampuni inaamua kumlipa thamani ya soko. Wamekubaliana ni pauni 3,200. Ekses hapa hailipwi gereji, inakatwa moja kwa moja: zinabaki 2,400. Kisha, kama wengi, binti alikuwa analipa bima kwa mwezi. Kampuni imetimiza wajibu wake wa mwaka mzima kwa malipo haya, kwa hiyo kwa kawaida inakata pia ada iliyobaki. Zikiwa zimebaki pauni 620, anapokea 1,780. Na gari la kununua upya bado ni 3,200.

Angekuwa na hiari 0, angepokea pauni 250 zaidi, 2,030, ukiacha tofauti ndogo ya ada. Hesabu hii ya gari kufa ifanye siku unapochagua ekses, hasa kama gari lako ni la bei ya chini. Kwa gari la pauni 1,500 na jumla ya ekses 1,050, bima yako ya gari lenyewe ina thamani ya pauni 450 tu, hata likifa kabisa kwenye ajali.

Ikiwa kosa si lako

Ekses italipwa kwanza na wewe hata kama mwingine ndiye aliyekugonga kwa nyuma ukiwa kwenye taa nyekundu. Ukidai kupitia kampuni yako, inakata ekses yote, na ya ujana ikiwemo, halafu inamfuata mwenye kosa kwa pesa ilizotoa yenyewe. Ekses yako ni hasara isiyo na bima, na kuifuata ni kazi yako, au ya bima ya msaada wa kisheria kama uliiongeza. Unaandika kwa kampuni ya mwenye kosa ukiambatisha uthibitisho wa malipo ya gereji na maelezo ya ajali. Wasipolipa, kuna mahakama ya madai madogo, na Uingereza na Wales una miaka 6 ya kudai uharibifu wa mali. Usizisahau 800 hizo kwa sababu gari limeshatoka gereji likiwaka.

Njia nyingine ni kudai moja kwa moja kwa kampuni ya aliyekugonga bila kupitia yako. Hapo ekses yako haiingii kabisa. Inafaa pale ambapo kosa liko wazi na yeye amelikubali. Pakiwa na ubishi, itachukua muda, na muda huo huna gari.

Vitu viwili vinavyouzwa kama dawa

Cha kwanza ni bima ya ekses, mkataba wa pembeni unaokurudishia ekses uliyolipa, hadi kikomo fulani. Si kitu kibaya, ila soma mambo mawili. Kwanza kikomo: kama ni pauni 500 na ekses yako ni 800, mia tatu ni zako. Pili, kwa kawaida hulipa tu pale ambapo madai makuu yamelipwa, yaani hasara imezidi ekses. Yule binti mwenye ekses ya 1,300 na hasara ya 1,140 hana madai makuu, hivyo bima ya ekses nayo haina cha kumrudishia. Watu hupandisha hiari hadi juu wakijua wamejikinga, kumbe wamejitoa nje ya kinga zote mbili.

Cha pili hakiuzwi, hushauriwa sebuleni: mzee aandikwe dereva mkuu, kijana awe dereva wa ziada, bei ishuke. Kama anayeliendesha gari kila siku ni kijana, huo ni ulaghai, na kampuni za bima zinaujua kwa jina lake, "fronting". Kwa sheria ya 2012 ya taarifa za bima za watumiaji, udanganyifu wa makusudi unairuhusu kampuni kuufuta mkataba na kubaki na ada. Na jambo ambalo wazee hawalitazami: hata bila kugundulika, ekses ya kijana haikwepeki kwa njia hii. Inamfuata aliyeshika usukani, awe dereva mkuu au wa ziada.

Ikiwa hukuonyeshwa

Kuna wakati malalamiko ni ya haki: ekses ya ujana ilifichwa, au mtu wa simu alikutajia jumla iliyo pungufu. Omba kampuni rekodi ya mazungumzo ya siku ya kununua na nakala ya kurasa ulizoonyeshwa. Lalamika kwao kwa maandishi kwanza. Wana wiki 8 za kutoa jibu la mwisho. Likikuridhisha, sawa, la sivyo, au wiki 8 zikipita kimya, peleka kwa Financial Ombudsman Service, bure, ndani ya miezi 6 tangu jibu la mwisho. Swali la msingi litakuwa kama sharti hilo zito lilielezwa wazi kabla hujanunua. Picha ya skrini ya siku ile ina nguvu kuliko aya kumi za hasira.

Mwisho, tia tarehe mbili kwenye kalenda ya simu: siku dereva anapotimiza miaka 21 au 25, kutegemea safu za jedwali lake, na siku leseni yake kamili inapotimiza miezi 12. Mikataba mingi huangalia umri na leseni vya siku ya ajali, kwa hiyo tabaka la kati linaweza kupungua au kutoweka katikati ya mwaka bila ada kubadilika. Mama wa Leicester ana miezi 7 ya kusubiri. Siku hiyo ikifika, aiandikie kampuni aulize jumla yake mpya. Jibu analolitegemea ni 500, sawa na mumewe.